Tiara Isiyo na Neno

Filamu isiyo na maneno haipatikani kwa kuandika filamu ya kawaida kisha kuyafuta maneno yake. Hapana budi kisa chenyewe kiwe cha namna ambayo neno, hata likisemwa, haliongezi kitu. Hilo nimelifahamu vizuri zaidi wakati nikiandika mswada wa filamu fupi ya katuni, ya dakika tano, juu ya mtoto wa Tunduma aliyepotewa na tiara yake, ambayo watu wa pwani huiita kishada.

Mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, umegusana na mji wa Nakonde ulioko Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Huku Kiswahili kimetawala sokoni, na kule Kibemba kinasikika sana. Mtoto wa hapa na mtoto wa kule wanaweza kukutana bila kuwa na lugha moja, lakini kila mmoja anajua tiara ni nini. Kwa sababu hiyo niliamua kisa kisimuliwe kwa ishara na muziki tu.

Kabla ya kuandika ishara yoyote, nilijiuliza tiara hufanya nini hasa uzi wake unapokatika. Wengi hudhani inapaa na kutoweka mawinguni kama puto. Sivyo. Tiara husimama angani kwa sababu uzi unaivuta dhidi ya upepo. Uzi ukikatika, ule mvuto huisha. Tiara hulegea, hupepesuka, na kuanguka polepole huku ikichukuliwa na upepo. Chukua mfano wa tiara iliyo juu mita 40. Ikishuka mita 2 kwa sekunde, itafika chini baada ya sekunde 20. Na upepo ukienda mita 6 kwa sekunde, itaangukia kiasi cha mita 120 mbele. Kwa hiyo mtoto wangu anaona mahali tiara yake inapoangukia. Upepo wa kiangazi hapa huvuma kutoka upande wa mashariki, na Zambia iko upande wa magharibi na kusini. Tiara iko karibu sana, lakini iko nchi nyingine. Hapo kisa kimejileta chenyewe.

Tiara ile si ya kununua. Vijiti vyake ni vya mwanzi, karatasi yake ni gazeti lililogandishwa kwa uji wa sembe, na mkia wake ni mkono wa shati la mistari. Katika picha ya kwanza kabisa shati hilo linaonekana limetundikwa msumarini, halina mkono mmoja, na kando yake kuna picha ya mwanamume amevaa shati hilohilo akiegemea lori. Mtazamaji ameelewa: baba ni dereva, yuko safari upande wa pili. Mtoto halilii gazeti na mwanzi.

Mswada wa namna hii huandikwa kwa wakati uliopo, na huandika tu kile kinachoonekana au kusikika. Sentensi kama “mtoto anamkumbuka baba yake” haina kazi, kwa maana mchoraji hawezi kuchora kukumbuka. Hivi ndivyo nilivyoandika mahali pa kukatika uzi:

“Uwanja wa vumbi nyuma ya maduka. MTOTO, sweta ya njano, anakimbia akivuta uzi. Zeze: sauti moja ndefu. Uzi unasugua ncha ya bati la paa. Unakatika. Zeze linanyamaza. Upepo peke yake, sekunde tatu. Macho ya mtoto yanashuka kwenye kibiringo cha uzi mkononi. Kichwa kinainuka. Kisha miguu inaanza kukimbia.”

Angalia, msomaji, mpango wa mwili: macho kwanza, kichwa kinafuata, miguu mwisho. Miguu ikitangulia, mtazamaji anaona mbio bila kujua sababu. Angalia pia hesabu ya sekunde. Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi hutumia kila mchoro kwa picha mbili. Hivyo sekunde moja hutaka michoro 12, na dakika tano hutaka michoro 3,600. Zile sekunde tatu za kimya ni michoro kama 36 ya mtoto ambaye karibu hatikisiki. Mtu wa haraka atataka kuzikata. Lakini zikikatwa, msiba unapita kabla haujahisiwa. Mimi hupima kwa kuigiza tendo lenyewe chumbani, saa ikiwa mkononi.

Kuhusu muziki, nilichagua zeze la uzi mmoja kwa sababu nalo, kama tiara, huishi kwa uzi uliovutwa. Uzi wa tiara ukikaza, sauti ya zeze hupanda, ukilegea, hushuka, ukikatika, hakuna sauti. Mtoto wa Nakonde nimempa filimbi. Lakini muziki haufuati kila unyayo. Nyayo, honi za malori na upepo vina sauti zao za asili. Muziki ukiiga kila hatua, hata huzuni hugeuka kichekesho.

Mtoto anafika kwenye nguzo ya mpaka na kusimama. Upande wa pili mvulana ameiokota tiara, na kipande kirefu cha uzi kinaburuta nyuma yake. Msichana hanyoshi kidole wala hafoki. Anapiga goti na kugonganisha viganja taratibu, kama anavyomsalimu mkubwa. Mvulana anacheka, kisha anaijia nguzo na kuitoa tiara kwa mikono miwili. Viganja vile sikuviweka mbele ya kifua, bali pembeni kidogo, ili umbo lionekane. Njia ya kujaribu ni kuupaka mchoro wino mweusi wote: kama kivuli peke yake hakisomeki, ishara imekufa.

Nilifikiri kisa kiishie hapo, lakini tiara yenyewe ilikataa. Kuirusha kunataka watu wawili. Mwenye uzi husimama upepo unakotokea, na msaidizi huishika tiara kule upepo unakoelekea. Kwa upepo huu, mwenye uzi lazima awe Tunduma, na mshika tiara lazima awe Nakonde. Basi wanaunga uzi kwa fundo penye nguzo. Mvulana anarudi nyuma hatua ishirini ndani ya nchi yake, anainua tiara juu ya kichwa, anaachia. Msichana anavuta. Uzi unakaza, zeze linarudi, na safari hii filimbi inalifuata. Mkono wa shati la baba unaelea juu ya barabara ya malori. Hakuna aliyevuka mpaka isipokuwa fundo.

Michoro ya awali niliionyesha kwa watoto wa jirani bila maelezo, kisha nikawaomba wanisimulie. Wote walijua shati ni la nani. Wengi walidhani mvulana anataka kuiba, kwa sababu nilikuwa nimemchora ametupa mgongo anapoiokota. Nikamgeuza, uso wake ukaonekana akitafuta angani mwenye uzi ni nani. Mchoro mmoja ulibadilika, na wizi ukatoweka.