Kreatini na Mtihani wa Mbio kwa Vijana Wetu wa Garsen



Kila linapotoka tangazo la kuandikisha makurutu wa jeshi au polisi, vijana wa Garsen huanza kuonekana barabarani baada ya swala ya alfajiri. Huko uwanjani hupimwa kimo na uzani, hukimbizwa masafa marefu, na huenda wakatakiwa kupiga pushapu. Siku hizi kumeingia majumbani kopo la unga mweupe uitwao kreatini, nasi wazazi huulizwa: tununue au tusinunue?

Kreatini si dawa ya kulevya wala si homoni. Mwili wenyewe huitengeneza, na nyingine tunaipata katika nyama na samaki. Kazi yake ni kurudisha upesi nguvu ya msuli katika juhudi kali ya sekunde chache, kama kuruka, kunyanyua mzigo au kutimka. Kwa hiyo humsaidia kijana kuongeza pushapu mbili tatu, au kurudia mbio fupi bila kuchoka mapema. Mbio za kilomita kadhaa ni jambo jingine. Hizo hutegemea moyo na mapafu, na hapo kreatini haina msaada mkubwa. Tena huvuta maji ndani ya misuli, hata mtu akaongezeka kilo moja au mbili, na kila kilo lazima ibebwe na miguu.

Nyumbani kwetu tulilitazama jambo hili kwa binti yetu aliyekuwa akijiandaa. Jeshi la Ulinzi la Kenya limekuwa likitaka mwanamke awe na uzani usiopungua kilo 50, naye alikuwa na kilo 51. Tulimpa gramu 3 kwa siku, pamoja na chakula, wiki nane kabla ya siku yake. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku tano hadi saba. Misuli hujaa haraka, lakini tumbo huweza kuchafuka na uzani hupanda ghafla. Kwa kipimo kidogo misuli hujaa pia, ila huchukua kama wiki nne.

Wiki ya tatu mizani ilionyesha kilo 52. Pushapu zake zilitoka 14 zikafika 18. Katika kilomita 3 za barabara ya kuelekea Lamu, muda wake ulirudi nyuma kwa sekunde 10 kwanza, kisha ukawa bora kwa sekunde 20 kufikia wiki ya saba. Sekunde hizo hatuwezi kuzihesabia kreatini, kwani alikuwa akikimbia mara nne kwa wiki. Hilo ndilo tulilojifunza: unga haukimbii. Na ambaye saa yake inazidi kuharibika baada ya wiki nne, huku uzani ukipanda, mbio zikiwa ndiyo mtihani wake mkubwa, heri auache. Akiba hupungua polepole kwa muda wa wiki nne hadi sita, hivyo asingoje siku ya mwisho.

Yupo pia asiyefaidika sana. Kijana wa nyumba ya wafugaji, anayekula nyama kila mara, huenda misuli yake imekaribia kujaa, na unga usimwongezee kitu.

Wasomaji wetu wengi huuliza uhalali wake. Kreatini ya dukani hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, si kwa nyama ya mnyama. Shaka iko kwenye vidonge vya maganda, kwa kuwa ganda huenda likawa la jelatini ya nguruwe. Ni salama kuchagua unga mtupu, ulioandikwa kreatini monohidrati peke yake. Mchanganyiko wa rangi na majina makubwa huweza kufichwa ndani yake vitu vilivyokatazwa. Katika Ramadhani hunywewa wakati wa futari au daku, nayo yatosha.

Mwenye maradhi ya figo asitumie bila daktari, na mjamzito vilevile. Na anayepimwa damu amwambie mpimaji kwamba anatumia, kwa sababu kreatini hupandisha kreatinini, kipimo cha figo, na mtu mzima huweza kudhaniwa mgonjwa. Joto la Tana nalo halisamehe: maji yanywewe kabla ya kiu, unga au hakuna unga.

Mwenye pesa za kopo moja tu na hana viatu vya kukimbilia, aanze na viatu.