Kafara ya kiapo chako

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule kijana anayeleta dagaa Mwaloni, nikaisoma mara mbili. Unasema siku ile mlipogombana kwa ajili ya mashine ya boti, ulitamka Wallahi, Billahi, Tallahi kwamba hukanyagi tena nyumbani kwa kaka yako Buhongwa. Sasa mama yenu anaumwa na yuko kwake, nawe kila ukija kumtazama anatolewa akiwa kwenye kiti mpaka barabarani mzungumze chini ya mwembe, kwa sababu umeapa. Hilo la mama kubebwa na kiti ndilo lililonifanya nikae niandike leo hii hii.

Kwanza, usidhani kiapo chako kimekufunga milele. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mtu akiapa jambo, kisha akaona lililo bora kuliko alilolishikilia, na alifanye lililo bora, akitolee kiapo chake kafara. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Wala hukuapa kwa kughafilika, kama tunavyosema wallahi tukizungumza barazani bila kukusudia. Ulikusudia, umeandika mwenyewe. Kwa hiyo kafara inakuhusu, na ni moja tu. Kutaja majina matatu kwa jambo lile lile hakukufanyi ulipe mara tatu.

Bibi Aisha, mama wa waumini, aliwahi kufika hapo ulipo wewe. Abdallah bin Zubeir alikuwa mtoto wa dada yake Asmaa, na Bibi Aisha ndiye mama yake mdogo aliyempenda sana. Abdallah akasema neno juu ya namna Bibi Aisha alivyokuwa akitoa mali yake, kwamba aache au atamzuia. Lile neno lilimchoma. Akaweka nadhiri kwamba hatasema naye kamwe. Siku zikapita, Abdallah akahangaika, akawaendea watu wawili wa Kikuraishi, wakamfunika kwa shuka zao na kubisha hodi pamoja. Wakauliza kama waingie wote, Bibi Aisha akawakaribisha wote bila kujua ni nani aliye kati yao. Abdallah akaingia mpaka nyuma ya pazia, akamkumbatia mama yake mdogo huku analia, na wale wawili wakimkumbusha Bibi Aisha kuwa Mtume amekataza Muislamu kumkata nduguye zaidi ya siku tatu. Hawakumwacha mpaka akasema naye. Kisha akaacha huru watumwa arubaini kwa nadhiri ile, na kila akiikumbuka alilia hadi ushungi wake ukalowa. Imesimuliwa katika Sahihi ya Bukhari. Ninachokuomba ukione humo ni hiki: aliyeapa alikuwa mtu wa daraja kubwa, alikuwa na sababu, na bado kurudi kwa nduguye kulitangulia, kafara ikafuata.

Sasa nije kwenye lililonitia wasiwasi zaidi. Umeandika kwamba umeambiwa ufunge siku tatu, na umepanga kufunga wakati wa mbalamwezi, boti za dagaa zikiwa zimepumzika. Wengi wanadhani hivyo, hata watu wazima hapa mtaani, lakini Surat al-Maida aya ya 89 haikupanga hivyo. Imetaja kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na hilo la tatu siku hizi halipo. Kufunga siku tatu ni kwa asiyeweza mambo hayo. Wewe una sehemu yako kwenye boti na unanunua mafuta ya mashine kila wiki. Ukifunga huku uwezo wa kulisha unao, utakuwa umeshinda na njaa na kafara bado iko shingoni mwako.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kila maskini anapewa kibaba kimoja cha nafaka inayoliwa kwenye mji wako. Kibaba ni robo ya ile pishi unayoitoa kwa zaka ya fitri. Nunua mchele, na kwa tahadhari pima robo tatu ya kilo kwa kila mtu, ili kipimo kisipungue kwa namna yoyote. Watu kumi watachukua kilo saba na nusu. Nenda dukani uwapimie kwenye mizani, mifuko kumi. Unga haufai kwa wanazuoni wetu, wala wali uliopikwa, wala pesa za kutuma kwa simu. Wahanafi wanaruhusu kuwalisha kumi milo miwili, na wanakubali thamani yake. Usiwabeze wanaofuata hayo, ila wewe shika njia moja ya kueleweka. Ukiona vigumu kuacha boti, mtumie mtu unayemwamini pesa, yeye anunue mchele na augawe kwa niaba yako, nawe utie nia kwamba ni kafara ya kiapo. Ukipenda kuvisha, kanga moja kwa kila mtu inatosha.

Angalia wanaopewa, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Mwaka mmoja jirani yetu alipika pilau la nguvu, akaalika mtaa mzima, wakala wenye maduka na magari. Ile ilikuwa karamu nzuri, lakini si kafara. Tafuta maskini wa kweli: wale wanaoanika dagaa kwa ujira ambao kipato hakifikii mahitaji, wajane, wazee wasio na wa kuwatazama. Wawe watu kumi tofauti, si mmoja umpe mifuko kumi wala watano wapewe miwili miwili. Usimpe mama wala mkeo wala wanao, kwa kuwa kuwalisha hao ni wajibu wako hata bila kiapo. Na kwa madhehebu yetu kafara hupewa Waislamu. Huko kambini Sengerema mnaishi na Wasukuma na Wakerewe wa dini nyingine, na wapo maskini wenye shida kuliko wengi. Wape hao sadaka ya mfuko mwingine, kwa kuwa huruma haina mpaka. Si lazima wote kumi wapatikane siku moja.

Kuna faraja moja ambayo sidhani umeambiwa. Kafara ya kulisha unaweza kuitoa kabla hujavunja kiapo, kisha ukaingia kwa kaka yako ukiwa umeshalipa. Ingekuwa kufunga, ungesubiri mpaka umevunja. Basi gawa mchele kwanza. Ukishaingia mlangoni kwake, kiapo kimekwisha. Utaingia na kutoka kila siku bila deni jingine.

Kuhusu mashine, kafara haigusi haki yenu ninyi wawili. Kama kaka yako aliuza kitu cha shirika bila kukuuliza, una haki ya kudai, na nitakuwepo kati yenu tuhesabu. Usilifanye deni hilo sharti la kumwona mama.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kutoka Sengerema hadi Buhongwa hausubiri tena pantoni. Ukigawa mchele Jumatano, Alhamisi unakula chakula cha mchana kwa kaka yako. Nimeshamwambia utakuja, hakuuliza lolote, alisema tu mkewe atapika sato.

Nijulishe ukishapata watu kumi, au ukipungukiwa, maana hapa Kirumba nawajua wengi.

Wassalaam,
Baba yako mkubwa