Risiti ya Aprili

Kiwanja changu cha Yanonge ni meta 20 kwa 30, nyuma ya barabara inayotoka Kisangani kuelekea Opala. Mwaka 2023 nilikaribia kukipoteza, nami nimeombwa na akina mama wa soko nieleze kilivyobaki mkononi.

Bei ilikuwa dola 1,200. Februari nilitoa avansi ya dola 400, na 800 zilizobaki nilipe kwa awamu nane, dola 100 kila tarehe 15, kuanzia Machi. Karatasi tuliandika nyumbani kwa chifu wa kijiji, mbele ya mashahidi wanne: wawili wangu na wadogo wawili wa muuzaji. Hao wadogo nilidai watie sahihi kwa sababu ardhi ilikuwa ya baba yao wote, na ndugu asiyetia sahihi ndiye hurudi baadaye kusema hakuuza.

Bei ni ya dola, lakini mimi nauza mchele na mihogo, na wateja wangu hulipa faranga. Machi nilimpelekea faranga 210,000, dola moja ikiwa 2,100. Risiti ikaandika hizo faranga tu. Usiku ule sikulala vizuri. Aprili, kabla ya kuhesabu pesa, nilimwomba aandike faranga nilizoleta, dola moja ni faranga ngapi siku hiyo, ni dola ngapi, na deni lililobaki. Akaandika: zimebaki dola 600. Mei na Juni akaandika vilevile, na Juni deni likawa 400.

Kisha mume wangu akaugua. Tulimvusha mto kwenda hospitali ya Kisangani, na pesa ya Julai ikaishia kwenye dawa. Ya Agosti nayo sikuipata.

Tarehe 20 Agosti muuzaji alinijia. “Mama, umevunja mapatano. Kuna mtu anatoa dola 1,800.” Akaongeza kwamba hata Machi sikulipa kamili, maana dola sasa ilikuwa faranga 2,400, na 210,000 zangu ni dola 87 na nusu. Nilitetemeka. Nilikuwa nimeshamlipa dola 800, na nyumbani hakukuwa na chakula cha wiki.

Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyezoea kutetea watu mahakamani. Alisoma karatasi zote polepole, akaweka kidole kwenye risiti ya Aprili. “Mama, toa 400 za avansi na 100 za Aprili kwenye 1,200. Zinabaki 700. Yeye ameandika 600. Basi Machi ameikubali kuwa dola 100, kwa mkono wake.” Nililia palepale.

Halafu akanisomea sharti la kuchelewa. Tuliandika kwamba nikipitisha siku 30, muuzaji anipe onyo la maandishi. Siku 15 zikipita baada ya onyo bila malipo, mkataba unavunjika, naye anirudishie nilicholipa akikata asilimia 10 ya bei, yaani dola 120. Ya Julai nilikuwa nimeshapitisha siku 30, kweli, lakini onyo sikuwa nimepewa. Maneno ya mlangoni si onyo. Mzee aliniambia pia kwamba kipengele cha 82 cha sheria yetu ya mikataba kinasema mkataba wa pande mbili hauvunjiki wenyewe mmoja akikosa: anayetaka kuuvunja huomba mahakamani, na hakimu anaweza kumpa mdaiwa muda. Ila sisi tulikuwa na sharti letu, na hilo ndilo la kushika kwanza.

Muuzaji aliandika onyo tarehe 22 Agosti, kwa chifu. Muda wangu ulikuwa hadi 6 Septemba. Niliuza cherehani yangu, dada yangu akanikopesha zilizopungua, na tarehe 4 nikafika na faranga za dola 200, za Julai na Agosti. Muuzaji hakuwepo. Jirani akasema yumo ndani. Nilielewa: anangoja siku zipite.

Sikurudi na pesa nyumbani. Nilizihesabu mbele ya chifu na mashahidi wangu, wakaandika tarehe, kiasi, na kwamba mwenye kupokea hakutokea. Kesho yake alikuja kuzichukua, akatia sahihi bila neno.

Oktoba risiti ya mwisho ilisema: deni sifuri. Ardhi ya Kongo ni ya Serikali tangu sheria ya 1973, na karatasi yetu haikunipa hati. Nimeanza safari ya ofisi za ardhi kuitafuta. Risiti zote ziko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la nguo, ya Machi imekunjwa ndani ya ile ya Aprili.