Kaunda Suti ya Mzee

Kazi ya picha niliianzia chumba cha giza, Kariakoo, enzi ambazo studio bado zilikuwa na beseni za dawa na kamba za kuanikia picha. Mzee aliyenifundisha alikuwa akinipa negativu na kuniambia niielekeze kwenye taa kabla sijaigusa mashine ya kusafishia. Kwenye negativu mambo yamegeuka: shati jeupe ni doa zito, na koti jeusi linakaribia kuwa plastiki tupu, kwa sababu mwanga uliotoka kwenye koti ulikuwa mdogo mno kuacha alama kwenye filamu. Nilimuuliza mikunjo ya koti iko wapi. "Kama haipo hapa," akanijibu, "usiitafute kwenye karatasi."

Kompyuta zilipoingia studio nikahamia huko, na wateja nao wakahama na maombi yao. Wengi walitaka kubadilishiwa rangi ya nguo. Gauni jekundu kuwa la bluu ni kazi ya dakika chache: unachagua nguo, unafungua Hue/Saturation, unazungusha rangi, na mikunjo yote inabaki kama ilivyokuwa, maana mwanga na kivuli vilikuwamo tangu mwanzo. Lakini nyeusi haina rangi ya kuzungusha. Ukisukuma mshale wa Lightness kwenda juu, unapata kijivu bapa, na mtu anaonekana amekatiwa kipande cha kadibodi akavalishwa.

Kazi iliyonifundisha jambo hili kwa undani ni picha ya marehemu mmoja, mtumishi wa serikali aliyestaafu. Binti zake walileta picha ya rangi ya studio, mzee ameketi, amevaa Kaunda suti nyeusi, nyuma yake pazia la kahawia iliyoiva. Walitaka picha kubwa ya ukutani, inchi 16 kwa 20, lakini si katika nguo ile.

"Fundi, baba hakupenda nyeusi," alisema mkubwa wao. "Hiyo aliivaa siku ya msiba. Kazini alivaa ya rangi ya maziwa."

Niliwauliza kwanza kama negativu ipo. Haikuwapo, na hilo lilikuwa pigo, kwa sababu karatasi ya picha hubana sehemu za giza kuliko filamu yenyewe. Kilichofifia kwenye negativu huweza kupotea kabisa kwenye karatasi. Nikaiskani picha kwa biti 16 kwa kila chaneli, kisha nikapitisha kishale juu ya suti huku nikisoma dirisha la Info, lililopangwa kuonyesha kipimo cha 0 hadi 255. Begani, mwanga ulipogonga, nilisoma kama 24. Kifuani 12. Chini ya kwapa 6, na pembeni kabisa, suti ilipokutana na pazia, namba zake na za pazia hazikutofautiana.

Namba hizo ndizo zinazosema kazi itakuwaje. Suti nzima, pamoja na kola, mifuko, vifungo na mikono, ilikuwa imebanwa ndani ya hatua 18. Suti ya rangi ya maziwa kwenye picha huhitaji kutoka kama 110 kwenye kivuli hadi 225 kwenye mwanga, yaani hatua 115. Kuzitanua 18 kufikia 115 ni kuzidisha zaidi ya mara sita, na kinachozidishwa si mikunjo peke yake. Chembechembe za karatasi zilizokuwa zikipanda na kushuka kwa hatua 2 sasa zinaruka kwa 12 na zaidi. Kile ambacho jicho halikukiona kinakuwa mchanga uliomwagwa juu ya suti. Picha ingekuwa JPEG ya biti 8, yangetokea pia matabaka: badala ya mwanga kufifia taratibu, unashuka kwa ngazi zenye kingo. Biti 16 huzuia hesabu zako zisiongeze ngazi mpya, lakini haziwezi kurudisha kisichokuwepo.

Kwa hiyo nilifungua leya ya Curves, nikavuta ncha ya mwanga hadi karibu na 30, nikaiangalia suti kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Leya hiyo ni ya uchunguzi tu. Niliikagua kila chaneli peke yake: ya bluu ilikuwa vurugu tupu, ya nyekundu ndiyo iliyobeba umbo kidogo. Niliona mstari wa bega, ukingo wa mfuko mmoja wa kifuani, na mkunjo mkubwa uliotoka kwapani kwenda tumboni. Mfuko wa pili haukuonekana. Nikachora alama ya kila nilichokiona kwenye leya ya pembeni, kama ramani.

Hapa ndipo wengi hukwama, hata wakiwa na mikunjo ya kutosha. Wanachukua mng'ao wa nguo nyeusi, wanautanua, wanaupaka rangi ya maziwa, na suti inatoka kama ya satini au mpira. Sababu iko kwenye kitambaa chenyewe. Nguo nyeusi humeza karibu mwanga wote unaoingia ndani ya nyuzi zake. Tunachokiona ni mwanga mdogo unaoteleza juu yake, na huo hukaa kwenye migongo ya mikunjo, katika mistari myembamba. Nguo nyeupe hurudisha mwanga kila upande, kwa hiyo migongo yake hailingani na mistari ile. Umbo lake tunalisoma kwenye mabonde, pale kivuli kinapoingia na kutoka taratibu. Nyeusi huonyesha umbo kwa kung'aa, nyeupe huonyesha kwa vivuli, na vivuli hivyo kwenye picha ya suti nyeusi havikuwahi kupigwa. Lazima vijengwe.

Niliwauliza binti kama ile suti ya rangi ya maziwa bado ipo. Ilikuwa sandukuni kwa mama yao. Kaka yao, mwenye mwili unaokaribiana na wa baba, akaja nayo studio. Kivuli cha pua usoni mwa mzee kilianguka shavu la kushoto na kushuka kidogo, kwa hiyo taa ya awali ilikuwa juu, upande wake wa kulia. Nikaweka taa yangu hapo, nikamkalisha kijana kwenye kiti chenye kimo kile kile, mikono mapajani, nikapiga. Sikukusudia kuibandika suti hiyo juu ya mzee. Mabega hayakulingana na kola ilikaa tofauti. Niliitaka iniambie kivuli cha kola kina upana gani, mfuko unatupa kivuli upande upi, na mkunjo wa kwapa unapaswa kuwa na giza kiasi gani.

Kisha nikajenga. Kwanza njia ya Pen kuzunguka suti, iliyogeuzwa kuwa maski na kulainishwa kwa pikseli moja tu. Kwenye bega lililochanganyika na pazia nilifuata ramani yangu pamoja na umbo la bega la pili. Juu yake nikaweka rangi moja ya maziwa, si nyeupe: niliiweka kwenye 215 ili mwanga uwe na mahali pa kupanda. Kilichobaki cha mikunjo ya asili nilikigeuza kijivu, nikakitanua kiasi, nikakifukia kwa Gaussian Blur ya pikseli nane hivi hadi chembe zikafa na mikunjo mikubwa tu ikabaki, nikakiweka katika Soft Light kwa nguvu ndogo. Kazi yake ilikuwa kushikilia mkao wa mwili wa mzee mwenyewe.

Vivuli nilivichora katika leya ya Multiply, kwa brashi laini ya asilimia 10, huku picha ya kijana iko kwenye skrini ya pili. Kivuli kina tabia mbili: pale nguo inapoguswa na kitu, kama chini ya kola au ukingo wa mfuko, huanza kwa mstari mkali, halafu hufunguka na kulainika kadiri kinavyosogea mbali. Ukikifanya laini pande zote, suti inaonekana imepuliziwa moshi. Rangi ya kivuli pia si kijivu. Ndani ya mkunjo mwanga hugonga kitambaa, hurukia kitambaa kingine, na kila mara huongeza umaziwa, kwa hiyo mabonde nikayapa rangi iliyokolea kidogo kuliko migongo. Mwisho nikachukua ufumaji wa kitambaa kutoka picha ya kijana, nikaupitisha juu kwa uhafifu, nikaongeza chembe zinazofanana na za uso wa mzee.

Suti ikawa nzuri, lakini mzee akaonekana kama ameazimwa kichwa. Nguo ya rangi ya maziwa hutupa mwanga juu, chini ya kidevu na shingoni. Nyeusi haikutupa kitu. Kwa Curves yenye maski laini nilipandisha chini ya kidevu kama hatua 10, nikaongeza ujoto kidogo. Vilevile kwenye shingo na viganja kulikuwa na uzi mweusi wa pikseli moja au mbili, mabaki ya suti ya zamani. Nikausukuma ukingo wa maski nje kwa pikseli moja na pengine nikapaka ngozi ya jirani juu yake. Nilipoitazama picha ikiwa ndogo kabisa, kisha nikiwa nimeigeuza kushoto kulia, hakuna kilichoruka mbele ya uso.

Nilichapa kipande cha majaribio kwanza, cha bega, kola na kifua tu, kwa ukubwa wa mwisho, kwa sababu ngazi za mwanga ambazo skrini huzificha hujionyesha kwenye karatasi. Binti mkubwa alikitazama akauliza mbona mifuko ni miwili wakati kwenye picha ya zamani aliona mmoja. Nilimwambia ukweli: wa pili nimeuchora kutoka kwenye suti iliyotoka sandukuni. Akaridhika, maana mfuko ulikuwepo kweli.

Siku hizi kamera zinahifadhi RAW ya biti 14, na koti jeusi lililopigwa vizuri hubeba mikunjo mingi kuliko karatasi ile ilivyoweza. Ndiyo maana mteja akija, swali langu la kwanza ni kama faili la mwanzo lipo, si picha iliyopita kwenye simu tatu. Likikosekana na Info ikisoma 0 hadi 3 suti nzima, ninamweleza kwamba nitakachompa ni nguo mpya iliyochorwa, na bei ni ya kuchora. Akitaka nyeupe ya kanzu, ninamshauri kijivu cha majivu au kaki, kwa sababu rangi ya katikati husamehe kivuli kilichokosewa, ilhali nyeupe hukianika.

Na kijana anayekuja kujifunza kwangu simpi kompyuta mara moja. Ninampa mashati mawili ya kitambaa kimoja, jeusi na jeupe, ayaweke kwenye viti viwili karibu na dirisha, ayapige picha, kisha anichoree kwa penseli mikunjo ya kila moja. Akirudi na michoro inayofanana, ninamrudisha dirishani.