Dada, unaukumbuka wimbo wa Mjomba?

Dada yangu,

Salamu za huku Nyarugusu. Sisi wazima, Mama mguu wake umepungua kuvimba, na mvua imetuacha wiki hii. Nimekuandikia barua ndefu badala ya kukupigia kwa sababu jambo lenyewe kwenye simu linakatika katikati, halafu wewe unasema "nitakupigia", na basi imekwisha.

Nina swali moja. Unaukumbuka wimbo aliokuwa anaimba Mjomba kwenye sherehe pale Musaga? Sisemi nyimbo za kanisani wala zile za kupiga makofi alizokuwa anaongoza Mama mkubwa. Nasema ule wa mwisho, wa usiku, watu wakishakula, mtungi wa impeke uko katikati na wazee wamebaki na miheha yao mdomoni, Mjomba anaagiza aletewe inanga.

Mimi nilikuwa naamini naukumbuka vizuri. Naweza kuupiga mluzi mwanzo mpaka mwisho, na vijana wangu wa kikundi wameshauzoea. Lakini mwezi uliopita Mama aliniuliza maneno yake, nikafungua mdomo, hakuna kitu. Sina hata neno moja. Nilifikiri ni usahaulifu, maana nilikuwa na miaka kumi na mbili tulipoondoka. Sasa najua si usahaulifu. Sikuwahi kuyasikia.

Ngoja nikueleze, maana nilivyogundua nilijiona mjinga kidogo.

Hapa kambini kuna mzee mmoja, Mrundi, aliyejifunza inanga kwa baba yake. Amejichongea ya kwake: ubao mmoja uliochimbwa kama sinia refu, karibu mita moja, na kamba nane juu yake. Nikisema nane nakosea, kamba ni moja tu. Inapita kwenye meno ya huku, inavuka, inazunguka meno ya kule, inarudi, mpaka imejaza ubao. Ndiyo maana ikikatika sehemu moja zote zinalegea. Zamani walitumia mishipa ya ng'ombe. Yeye anatumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, na ya Mjomba nadhani ilikuwa hivyo hivyo, nakumbuka rangi yake ya kijani.

Nilimwomba atuonyeshe vijana. Akapiga, akaimba, tukafurahi. Halafu akacheka, akasema, "Nyinyi mnadhani naimba?" Akaendelea na yale yale maneno, ila safari hii akalaza kiganja juu ya kamba zote. Dada, wimbo ulikufa pale pale. Kilichobaki ni mzee ananong'ona, sss, fff, kama mtu anayesema siri nyuma ya mlango. Alipoondoa kiganja na kupiga tena, wimbo ukarudi mdomoni mwake.

Maelezo yake ni haya. Inanga ina sauti ndogo sana. Mtu akiimba kwa koo lote anaifunika, kwa hiyo anayepiga ananong'ona. Mnong'ono hauna juu wala chini, ni pumzi tu iliyokatwa kuwa maneno. Kupanda na kushuka kote kunatoka kwenye kamba. Anagusa kamba na kutoa neno kwa wakati mmoja, na sikio la msikilizaji linavichukua hivi viwili na kuvigandisha pamoja, mpaka unaapa kwamba ni koo linaimba. Hata ukishaambiwa bado unasikia hivyo hivyo. Mimi najua na bado nadanganyika.

Lakini mnong'ono hauendi mbali. Aliyekaa mita moja na nusu anapata maneno. Aliyekaa ng'ambo ya ua anapata kamba peke yake, na mdomo unaochezacheza.

Sasa kumbuka ua wetu wa Musaga. Mjomba anakaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa jikoni. Wewe uko miguuni pake, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamwongezea maji ya moto kwenye mtungi. Sisi watoto wadogo tuko kule kwenye geti, kwenye ile mikeka, tunasubiri kufukuzwa tukalale. Mama yuko nasi upande ule. Miaka yote ile mimi nilikuwa nasikia nusu moja ya wimbo na wewe ulikuwa unasikia nusu ya pili.

Nilijipa moyo kwamba tunayo ile rekodi. Si unakumbuka, usiku wa kuamkia Januari mosi 2015, binamu yetu mkubwa alirekodi kwa simu yake ya vitufe? Ile ilikuwa sherehe yetu ya mwisho tukiwa wote. Aprili 26 watu wakaingia barabarani, Musaga yetu ikawa ya vizuizi na moshi wa matairi, na mwezi uliofuata sisi tulikuwa Kagunga tunasubiri meli ya Liemba itupeleke Kigoma. Rekodi ilisafiri nasi ndani ya kadi ndogo, ikahama simu nne. Ninayo hadi leo, inaishia na .amr.

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Inanga iko. Kikohozi cha Bibi kiko. Hata mlio wa chupa ya Primus ikianguka upo. Maneno ya Mjomba hayapo kabisa. Simu zile zilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, zinashika sauti ya katikati na kutupa ile nyembamba ya juu. Mnong'ono karibu wote unaishi huko juu, kwenye hizo sss na fff. Na nyingine zina kitu cha kupunguza kelele, kinachosikia pumzi na kudhani ni upepo. Yaani simu ilichukua wimbo wa Mjomba ikaufanyia usafi, ikamtoa Mjomba.

Nilijaribu na mzee wa hapa ili nihakikishe. Nikamrekodi na simu ikiwa hatua tatu mbali, kwa kinasa cha kawaida cha simu: kamba tu. Nikaiweka shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja, na nikatumia programu inayohifadhi kwa .wav: kila neno lipo. Kwa hiyo rekodi za vijana tunafanya hivyo sasa. Ya Mjomba haitengenezeki, kitu ambacho hakikuingia huwezi kukitoa.

Basi nikuambie kwa nini Mama anauliza maneno.

Unajua yeye na Mjomba hawakuwa wanasalimiana mwaka ule. Mambo ya kiwanja cha Babu, sitaki kuyarudia, kila upande una yake. Alikuja ile sherehe kwa ajili ya Bibi, akakaa mbali, akaondoka mapema. Halafu vikaja vya Aprili, tukaondoka bila kuaga vizuri. Nyinyi mlirudi, sisi tukabaki, na Mjomba amelala pale Musaga bila sisi kumwaga udongo. Mama hajalia mbele yangu hata siku moja. Ila siku uliyotuma habari kwamba kuganduka kutakuwa mwezi wa nane, aliniita jikoni akaniuliza, "Kwenye wimbo, pale kwenye majina, kaka yangu alinitaja?"

Unakumbuka kwamba alikuwa anataja majina. Hilo hata sisi wa getini tulijua, kwa sababu akimtaja mtu, mtu huyo anainamisha kichwa na wengine wanacheka. Anamaliza habari za ng'ombe, kamba zinashuka kwenye kile kipande kifupi cha chini kinachojirudia, na kila kikijirudia anatoa jina moja na neno la sifa.

Nilimpelekea mzee rekodi. Alisikiliza kwa heshima, sikio kwenye simu, mara tatu. Akaniambia: majina ni matano. Kipande kile kinarudi mara tano, halafu anapanda juu na kufunga. Nami nimehesabu, ni tano kweli.

Nikafurahi, nikakaa chini na kupiga hesabu. Bibi ni wa kwanza, hilo halina mjadala. Mama mkubwa, wa pili. Wajomba wawili wadogo, wanne. Wa tano ni Mama. Nikainuka kwenda kumwambia. Nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba mke wa Mjomba alikuwepo pia, ametoka hospitali wiki ile na mtoto mchanga, na Mjomba yule asingeweza kumruka mke wake. Nikarudi nikakaa. Wa tano ni mmojawapo, na kamba haisemi ni nani. Nilimuuliza mzee kama anaweza kubahatisha kwa jinsi kamba zinavyopanda, maana majina ya Kirundi nayo yana kupanda na kushuka kwake. Akasema kwa shairi analolijua yeye angeweza, kwa jina la mtu asiyemjua hawezi kuapa, na jambo kama hili halibahatishwi.

Kwa hiyo umebaki wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tano, ulikuwa miguuni pake, na ulikuwa na tabia ya kumrudishia maneno yake asubuhi ukiosha vyombo. Najua miaka imepita. Usinilazimishie kumbukumbu, wala usiseme "alimtaja" ili Mama apate usingizi. Akigundua atanichukia mimi, si wewe. Kama hakumtaja, niambie hakumtaja, nitajua namna ya kulibeba. Kama hukumbuki, sema hukumbuki.

Jambo moja unaloweza kujaribu. Usianze na majina. Anza na ng'ombe, yule mwenye pembe moja, kama nimekisia vizuri kwa zile ishara za mkono alizokuwa anafanya. Nimekutumia rekodi. Vaa spika za masikioni, kaa chini pale pale kwenye ukuta wa jikoni kama bado upo, na uache midomo yako iende yenyewe na kamba. Mzee anasema mtu aliyejifunza akiwa mdogo maneno huwa yameshikamana na vidole vya mpigaji, siyo na kichwa chake mwenyewe. Mimi nikiisikiliza midomo yangu haiendi popote.

Na ile inanga, uliza iko wapi. Kama iko kwa wajomba wadogo, waambie wasiiache juu ya paa la jikoni, moshi na joto vitaipasua, na mchwa wakiingia kwenye ubao mwanzoni huoni kitu, ila ukiigonga inajibu kama boksi la kadibodi.

Ukikumbuka, nitumie kwa sauti. Ila tafadhali, dada, usininong'oneze kama yeye. Sema kwa sauti kubwa kama unaita mtoto barabarani, jina moja moja, ili simu isikutoe na wewe.

Mama anakusalimia. Hajui kama nimekuandikia.

Mdogo wako