Mistari miwili chini ya kadi ya ripoti



Sisi tulizaliwa na kusomeshwa pwani, lakini ni miaka mingi sasa tangu riziki ilipotuleta huku Eldoret, mji ambao wenyeji wenyewe wanauita Sikisti Foo kwa kuwa ulisimama juu ya shamba lililopewa namba 64. Asubuhi tunafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya msingi, na alasiri tunasomesha watoto madrasa. Kila mwisho wa muhula hutujia kazi ambayo kwa muda mrefu tuliidharau: kujaza ile mistari miwili iliyoandikwa "Maoni ya mwalimu". Leo tunataka kuwasimulia jinsi mistari hiyo ilivyomponza mtoto mmoja, na jinsi tulivyojifunza kuiandika upya tukiwa tumeshaota mvi.

Mtoto mwenyewe alikuwa na umri wa miaka tisa, yuko gredi ya tatu. Alikuwa na sauti nzuri na hifadhi nyepesi. Akisomewa aya mara tatu, ya nne husoma mwenyewe. Kwa mihula mitatu mfululizo tuliandika kwenye kadi yake ya madrasa: "Anasoma vizuri sana. Aendelee hivyo hivyo." Tuliyaandika hayo usiku, baada ya Isha, tukiwa na kadi 34 mezani na usingizi machoni. Tukiangalia nyuma, kadi 20 kati ya hizo zilikuwa na maneno yaleyale.

Mama yake huuza mitumba sokoni, wala hakubahatika kusoma Kiarabu. Kwake yeye kadi ile ndiyo iliyokuwa jicho lake ndani ya darasa letu. Alipoona mara ya tatu kwamba kijana "anasoma vizuri sana", aliamua kumtoa katika darasa letu la Jumamosi, ambalo ndilo la kusoma msahafu, ampeleke kwenye masomo ya ziada ya hisabati. Alichukua uamuzi wa busara, ila msingi wake ulikuwa maneno yetu.

Likizo ya Disemba bibi yake mtoto akapanda kutoka pwani kuja kuwatembelea. Usiku mmoja akafungua msahafu, akaweka kidole katikati ya Surat Al-Fil, akasema, "Mjukuu wangu, nisomee neno hili." Mtoto akaanza sura tangu mwanzo, kwa sauti yake ileile nzuri, akalipita neno lililowekewa kidole bila kujua kuwa amelipita. Bibi akafungua sura ambayo mtoto hajaihifadhi. Mtoto akanyamaza.

Shule zilipofunguliwa mama alitujia na kadi zote tatu mkononi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Sheikh, hapa mmeandika anasoma. Mwanangu hasomi, anakumbuka. Lau ningejua mapema, nisingemtoa Jumamosi." Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba radhi, tukamwita mtoto, tukakaa naye peke yake kwa robo saa, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kuandika chochote.

Tulimwandikia maneno kumi mapya, kila neno herufi tatu, yenye irabu zake zote. Alisoma matatu. Tukamwonyesha herufi moja moja, akazitaja karibu zote bila kusita. Hapo tukaona fundo lilipo. Herufi ikisimama peke yake anaijua, lakini ikiungana na wenzake inampotea. Na kweli, ba, ta, nun na ya zikiwa mwanzoni au katikati ya neno hubaki jino moja dogo tu, zikatofautiana kwa idadi ya nukta na kwa kuwa nukta ziko juu au chini. 'Ayn nayo katikati ya neno haifanani na 'ayn iliyosimama pekee. Mtoto mwenye hifadhi nzuri hujifichia hapo kwa urahisi, kwa sababu katika sura anazozijua hahitaji kuziangalia nukta hata kidogo.

Baada ya kumpima ikabidi tuandike maoni mapya, na hapo tukakaribia kukosea mara ya pili. Kwa kuona haya tuliandika: "Hajui kusoma. Anakariri tu. Mzazi afuatilie." Kila neno hapo lilikuwa kweli. Lakini hebu jiwekeni mahali pa mama yule amerudi kutoka sokoni jioni na karatasi hiyo mkononi. Afuatilie nini? Kwa njia gani? Karatasi kama hiyo humfanya mzazi ama amkemee mtoto, ama akate tamaa, na yote mawili hayamfundishi mtu nukta ya ba. Isitoshe, inafuta kazi ambayo mtoto ameifanya kwa haki yake.

Tukaichana, tukaandika hivi:

"Amehifadhi sura 22, kuanzia An-Nas hadi Adh-Dhuha, na anaitamka 'ayn kwa usafi ambao wengi wa rika lake bado hawajaufikia. Bado hawezi kusoma neno asilolihifadhi: katika maneno 10 mapya alisoma 3, na kinachomkwaza ni herufi zinapoungana. Kila siku baada ya Maghrib, kwa dakika 10, mwekee kidole kwenye neno lolote la Surat Al-Fil, alisome hilo pekee bila kuanzia mwanzo. Tutampima tena wiki ya nne ya muhula."

Mistari miwili haikutosha, tukaendeleza nyuma ya kadi. Tazameni kila sentensi inafanya kazi gani. Ya kwanza inataja jambo ambalo mtoto amelifanya, kwa hesabu na kwa jina. Hatukusema "ana akili", kwa sababu mzazi hawezi kuishika akili mkononi, na mtoto akishaambiwa ana akili huogopa kuonekana amekosea. Ya pili inataja upungufu mmoja tu, pamoja na namna tulivyoujua. Neno "bado" hapo tuliliweka kwa makusudi, maana linaeleza hali ya leo bila kumhukumu mtoto kwa siku zote. Ya tatu inampa mzazi kazi anayoiweza. Ya nne inatufunga sisi.

Kwenye ile ya tatu ndiko tulikofikiri zaidi. Mama hajui Kiarabu. Atajuaje kama mtoto amesoma sawa? Tukamweleza kuwa hahitaji kujua. Asikilize tu: mtoto akianza kunong'ona sura tangu mwanzo ili alifikie neno, anakumbuka, hasomi. Akilitazama neno na kulitamka taratibu, hata kama amekosea, ameanza kusoma. Maneno atakayoyakwama ayatie alama ya penseli kwenye karatasi, sisi tutayaangalia kesho yake. Tukiandika "amsaidie nyumbani" bila kufikiria mzazi huyu anajua nini na ana muda gani, tunakuwa tumemwongezea lawama tu.

Shuleni nako mambo ni hayohayo, ingawa kadi zimebadilika. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza katika gredi za chini mwaka 2019, mzazi wa Kenya haoni tena namba ya mtoto darasani kama tulivyozoea zamani. Anaona ngazi nne: kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia, na kuwa mbali nayo. Ni afadhali kuliko kumwambia mtoto amekuwa wa 41 kati ya 45. Lakini mzazi akisoma "anakaribia matarajio" katika hisabati, haambiwi ni nini kilichobaki. Ni wajibu wa mwalimu kukitaja: "Anatoa hesabu za tarakimu mbili bila kosa pasipo kukopa, panapohitaji kukopa, husahau kupunguza kumi aliyoichukua." Mzazi aliyesoma hadi darasa la tano tu anaweza kuketi na mwanawe juu ya sentensi hiyo.

Na kuna maneno ambayo tumeyaondoa kabisa kwenye kalamu yetu. "Mvivu" ni mojawapo. Hatujui kilicho moyoni mwa mtoto; tunachojua ni kwamba alileta kazi 4 za nyumbani kati ya 9. Basi tunaandika 4 kati ya 9. Mzazi mmoja alipoisoma hesabu kama hiyo alikuja kutueleza kwamba jioni nyingi binti yake ndiye hulea mdogo wake mchanga. Lau tungeandika "mvivu", tungekuwa tumemsingizia binti wa watu, na mama asingepata pa kuanzia mazungumzo. Kumlinganisha mtoto na dada yake tuliyemsomesha zamani pia tumekuacha. Na mambo mazito, kama wizi au dalili kwamba mtoto anateseka, hatuyaandiki kwenye kadi ambayo itasomwa na nyumba nzima. Hayo tunamwita mzazi, tunayasema kwa mdomo, faraghani.

Mtatuuliza muda wa kuandika yote haya kwa watoto 34 unatoka wapi. Usiku mmoja hautoshi, na hapo ndipo lilipoanzia kosa letu. Siku hizi tuna daftari dogo. Kila Alhamisi tunawachagua watoto watano, tunamsikiliza kila mmoja dakika chache, tunamwandikia mstari mmoja: tarehe, alichofanya, alipokwama. Baada ya wiki saba wote wamefikiwa. Mwisho wa muhula tunanakili na kupanga maneno, hatutungi. Kipimo chetu ni hiki: tukiondoa jina kwenye kadi, je, maoni yale yangeweza kuwekwa kwenye kadi ya mtoto mwingine? Yakiwezekana, hatujamwandika mtoto huyo.

Nanyi wazazi, kadi ikiwafikia imeandikwa "mzuri" au "ajitahidi" na basi, msiiweke kabatini. Mwendeeni mwalimu kwa adabu, mmuulize: mwanangu anaweza nini sasa ambacho muhula uliopita hakukiweza? Amekwama wapi hasa, na mmelijuaje? Nyumbani nimfanyie nini? Mwalimu mwenye daftari atajibu papo hapo. Asiyekuwa nalo atalinunua, kama tulivyolinunua sisi.

Wiki ya nne tulimpima kijana yule maneno kumi mengine mapya. Alisoma sita. Tukaandika sita, wala hatukuandika "vizuri sana". Mama yake alipoisoma kadi alicheka, akasema, "Sheikh, sita hizi nazijua. Nilikuwepo." Jumamosi iliyofuata alimrudisha darasani.

Wabillahi tawfiq.