Msusi, hesabu masaa yako kabla ya kutaja bei ya rasta

Wengi mnaingia hapa kutafuta habari za mahindi na maharage, lakini leo naandika kwa ajili ya wasusi. Hapa Titye wapo akina dada wanaolima asubuhi na kusuka mchana, na swali wanaloniuliza ni lile lile la mkulima: mbona nafanya kazi sana na hela siioni? Mkulima hukumbuka kuhesabu mbegu na mbolea, akasahau siku zake za palizi. Msusi hukumbuka kuhesabu pakiti za rasta, akasahau mikono yake.

Nilikaa na dada mmoja mwenye kibanda karibu na gulio tukapiga hesabu zake zote. Alikuwa akisema kwamba akikosa faida hadi mavuno atafunga kibanda arudi kwenye vibarua. Jina lake naliacha, ila tarakimu ameniruhusu kuzitumia. Zako zitakuwa tofauti, basi weka zako mahali pa zake.

Kwanza tulihitaji muda. Nilimwambia awe na daftari, na kwa mwezi mzima aandike saa aliyoanza kila kichwa na saa aliyomaliza, pamoja na kuchana, kugawa mistari na kuchovya ncha kwenye maji ya moto. Akiwa na msaidizi, masaa ya wote wawili yajumlishwe. Kichwa kilichosukwa na watu wawili kwa masaa 5 kimekula masaa 10 ya kazi, hata kama mteja anajisifu kwamba amesukwa haraka. Mwisho wa mwezi daftari lilionyesha kwamba kibanda kilikuwa wazi masaa kama 200, lakini masaa ya kusuka hasa yalikuwa 100. Muda uliobaki alikuwa akisubiri wateja.

Gharama za kibanda zikafuata. Kodi ni 15,000 kwa mwezi. Mkaa wa kuchemshia maji 5,000. Vitana, sabuni na kufua taulo 3,000, usafi na mlinzi 3,000, vocha ya kuwapigia wateja 2,000. Viti na kioo alinunua kwa 72,000, na anategemea vidumu miaka 3, yaani miezi 36, kwa hiyo kila mwezi vinachakaa kwa 2,000. Jumla 30,000.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hiyo 30,000 igawanye kwa masaa 100 ya kusuka, usigawanye kwa 200 ya kukaa wazi. Saa ya kusubiri haina mteja wa kuilipia kodi, kwa hiyo ni saa za kusuka zinazobeba zote. Ukigawanya kwa 200 utapata shilingi 150 kwa saa, na mwisho wa mwezi nusu ya gharama utaitoa mfukoni. Ukigawanya kwa 100 unapata shilingi 300, na hiyo ndiyo sahihi.

Kisha ujira. Tuliangalia angelipwa nini shambani. Alikokuwa akienda palizi alipata 5,000 kwa masaa 5, yaani 1,000 kwa saa. Kwa kuwa kusuka ni ufundi aliojifunza, na nusu ya siku hukaa bila kazi, alijiwekea 1,200. Mimi naona ni kiasi cha haki, wala si kikubwa. Ukijumlisha na ile 300 ya kibanda, kila saa ya mikono yake ni shilingi 1,500.

Kwenye vifaa, jambo moja lilimshangaza. Rasta alizinunua Kasulu mjini pakiti 2,000, na siku zote alihesabu 2,000. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa 6,000, na kila safari alileta pakiti 12. Nauli hiyo inaongeza 500 juu ya kila pakiti, kwa hiyo pakiti ikifika kibandani ni 2,500.

Sasa tazama mitindo yake mitatu.

Twende kilioni ya nywele za mteja mwenyewe inachukua saa 1 na mafuta ya 200. Bei yake ya haki ni 1,700. Yeye alitoza 2,000, na alikuwa akiuona ni mtindo wa kupotezea muda.

Rasta za kati zinachukua masaa 5, pakiti 3 ambazo ni 7,500, na jeli na mafuta ya 400. Masaa 5 kwa 1,500 ni 7,500. Jumla 15,400. Alitoza 14,000.

Rasta nyembamba ndizo alizojivunia. Zinachukua masaa 9, pakiti 4 ambazo ni 10,000, jeli na mafuta 500. Masaa 9 kwa 1,500 ni 13,500. Jumla 24,000. Alitoza 18,000, rasta zikiwa ndani. Ukitoa vifaa vya 10,500 zinabaki 7,500. Ukitoa gharama za kibanda za masaa 9, ambazo ni 2,700, zinabaki 4,800. Gawanya kwa 9: anapata kama shilingi 530 kwa saa, nusu hivi ya ujira wa palizi. Na kila alipokalia kichwa cha rasta nyembamba siku ya gulio, watoto na akina mama wa twende kilioni waligeuka wakaenda kwa mwingine.

Aliponiuliza kama apandishe moja kwa moja hadi 24,000, nilimwambia bei ya haki haimlazimishi mteja kuwa na hela. Alichofanya ni kutenganisha bei mbili: ufundi na rasta. Rasta nyembamba ufundi ni 14,000, mteja aje na rasta zake au anunue hapo kwa 2,500 pakiti. Za kati ufundi 8,000. Wengi wakisikia hivyo huchagua za kati, na huko hapati hasara. Wanaotaka nyembamba hupangiwa siku isiyo ya gulio.

Angalia pia kufumua. Mteja anakuja na rasta za miezi miwili kichwani, anafumuliwa, anachanwa mafundo, na muda wote huo ulikuwa bure. Kama saa 1 na nusu imepita, hiyo ni 2,250. Mwambie kabla hajakaa: aje amefumua, au alipie 2,000.

Hesabu hii ina mpaka wake. Mwezi wa kupanda watu wako mashambani, na masaa ya kusuka yakishuka hadi 60, ile 30,000 inakuwa 500 kwa saa. Usipandishe bei mwezi huo, maana utawafukuza hata wachache waliopo. Chukua wastani wa mwezi mzuri na mwezi mbaya, upange bei moja ya kukaa nayo.

Na wanaolipa kwa maharage baada ya mavuno, pokea, ila kwa bei ya gulio ya siku unayopokea, kwa kipimo mnachokubaliana wote, na muandike kwenye daftari kabla ya kitana kugusa nywele.